Hamamu za Warumi zilivyopashwa joto chini ya sakafu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kwa kifupi, joto lilifikaje chumbani?

Sakafu ya chumba cha moto haikulala juu ya ardhi. Ilibebwa na vinguzo vifupi vya matofali, na chini yake palibaki uwazi wa sentimita 60 hivi. Nje ya ukuta, upande wa uani ambako waogaji hawakufika, palikuwa na tanuri la kuni. Moshi na hewa ya moto viliingia kwenye uwazi ule kupitia tundu la ukutani, vikazunguka katikati ya vinguzo, kisha vikapanda ndani ya mirija ya udongo wa kuchoma iliyofichwa nyuma ya lipu, na kutokea juu karibu na paa. Mfumo huo huitwa hipokausti, neno lenye asili ya Kigiriki linalomaanisha kuwasha moto chini.

Wengi hudhani hewa ya moto ilipulizwa ndani ya chumba. Sivyo. Hewa ile imejaa moshi, na chumba kilipaswa kutengwa nayo kabisa. Kilichompasha mtu joto ni sakafu na kuta zenyewe, kama ukuta uliopigwa na jua mchana kutwa unavyoendelea kutoa joto magharibi.

Nani aliyebuni?

Waandishi wa Kirumi humtaja Sergius Orata, mfanyabiashara wa karne ya 1 kabla ya Kristo aliyefuga chaza pwani ya Baiae, karibu na Napoli. Sifa hiyo ni kubwa kuliko kazi yake. Wagiriki walikuwa wamekwisha kupitisha moto chini ya vyumba vya kuogea kabla yake, na mji wa Fregellae huko Italia, ulioangamizwa mwaka 125 kabla ya Kristo, ulikuwa na hamamu yenye joto la chini ya sakafu. Kazi ya Warumi ilikuwa kuufanya mfumo uwe wa kawaida, wenye vipimo vinavyojulikana na matofali yanayouzwa tayari, hata fundi wa Uingereza na wa Afrika Kaskazini wakajenga kitu kilekile.

Sakafu ilijengwa vipi, hatua kwa hatua?

Maelezo bora ni ya Vitruvius, mhandisi aliyeandika katika karne ya 1 kabla ya Kristo. Tuchukue vipimo vyake na tujenge chumba kimoja kidogo, cha futi 20 kwa futi 16 za Kirumi. Futi moja ya Kirumi ni sentimita 29.6, kwa hiyo chumba kina mita 5.9 kwa mita 4.7, ukiacha nafasi ya mirija kandokando ya kuta.

Kwanza fundi anatandika sakafu ya chini kwa vigae vya futi moja na nusu. Vitruvius anataka sakafu hiyo iiname kuelekea tanuri, na anatoa kipimo chepesi: ukitupa mpira ndani, usikae huko, ubingirike wenyewe hadi mdomoni mwa tanuri. Sababu yake ni kwamba moto hupenda kupanda, hivyo mwinamo unausaidia kwenda hadi mwisho wa chumba. Magofu mengi yana sakafu ya chini iliyo sawa, bila mwinamo wowote, na yalifanya kazi. Inaelekea mafundi waligundua kwamba dohani nzuri ina nguvu kuliko mwinamo.

Juu yake vinasimamishwa vinguzo vya matofali madogo ya mraba, kila upande theluthi mbili za futi, yaani sentimita 20 hivi. Kutoka katikati ya kinguzo hadi katikati ya kingine ni futi mbili, na kimo chake ni futi mbili. Tofali likiwa na unene wa sentimita 4 na udongo wa kuungia sentimita 1, kila kinguzo kinahitaji matofali 12. Mafundi wengi waliweka tofali pana zaidi, la futi moja, chini na juu ya kinguzo: la chini litawanye uzito, la juu lipunguze pengo linalobaki kufunikwa.

Halafu vinakuja vigae vikubwa vya futi mbili kwa mbili. Kila kigae kinalazwa pembe zake nne juu ya vinguzo vinne, na juu ya kinguzo kimoja cha katikati hukutana pembe za vigae vinne. Hapa ndipo vipimo vinapopendeza, kwa maana kila kitu kinaingia mahali pake bila kukatwa. Chumba chetu kinahitaji vigae 10 kwa 8, yaani 80, na vinguzo 11 kwa 9, yaani 99. Matofali madogo yanakaribia 1,200. Kigae kimoja cha unene wa sentimita 6 kina kilo 38 hivi, kwa hiyo ni kazi ya watu wawili.

Mwisho humwagwa zege la chokaa lililochanganywa na vigae vilivyopondwa, tabaka la sentimita 25 hadi 30, na juu yake marumaru au nakshi ya vijiwe. Vigae vilivyopondwa si vya kujazia tu. Unga wake huungana na chokaa na kulifanya zege ligande hata penye unyevu, na lisipitishe maji kwa urahisi.

Sakafu nzito namna hiyo haikuviponda vinguzo?

Hapana. Sakafu yenye unene wa jumla wa sentimita 35 ina kilo 700 hivi kwa kila mita ya mraba. Kinguzo cha katikati kinabeba eneo la futi mbili kwa mbili, yaani mita ya mraba 0.35 hivi, ambayo ni kilo 245. Uzito huo ukigawanywa juu ya tofali la sentimita 20 kwa 20 haufiki hata kilo moja kwa sentimita ya mraba. Tofali la kuchoma hubeba mara nyingi ya hapo. Vinguzo vilipoanguka, uzito haukuwa sababu. Sababu ilikuwa moto.

Kwa nini vinguzo viliungwa kwa udongo na si kwa chokaa?

Vitruvius anasema wazi: udongo wa mfinyanzi uliokandwa na nywele. Chokaa iliyogandishwa hupasuka na kupoteza nguvu inapopashwa joto kali na kupoa mara kwa mara. Udongo hufanya kinyume, kwani kadiri unavyopata moto ndivyo unavyokaribia kuwa tofali. Nywele huuzuia usipasuke wakati unakauka, kazi ileile inayofanywa na majani yaliyokatwakatwa katika udongo wa kukandikia nyumba. Tena kiungo cha udongo kina ulegevu kidogo: kinguzo kinapotanuka kwa joto, kinajisogeza bila kuvunjika.

Jiwe nalo lina masharti yake. Mahali palipokosa matofali, vinguzo vilichongwa kwa mawe. Mawe ya chokaa ni hatari karibu na tanuri, na wakazi wa pwani watalielewa hili bila maelezo marefu, kwa sababu ndivyo matumbawe yanavyochomwa kupata chokaa ya kujengea. Kinguzo cha jiwe la chokaa kikikaa kwenye moto wa kutosha hugeuka chokaa palepale kiliposimama, na siku kikipata maji humumunyuka.

Ni nini kilichoivuta hewa chini ya sakafu bila feni?

Ni wepesi wa hewa ya moto. Hewa ya digrii 15 ina uzito wa kilo 1.22 kwa mita ya ujazo. Ikipashwa hadi digrii 100 inabaki na kilo 0.95. Mirija ya ukutani yenye kimo cha mita 5 ikijaa hewa hiyo nyepesi, hewa nzito ya nje inasukuma kutoka upande wa tanuri kwa nguvu sawa na uzito wa maji yenye kina cha milimita 1.3. Ni nguvu ndogo mno. Ndiyo maana njia yote ilipaswa kuwa wazi na pana: pengo la sentimita 40 hivi kati ya kinguzo na kinguzo si ufujaji wa nafasi. Ukiliziba nusu kwa majivu, chumba kinapoa.

Jambo la pili linatokana na hilo. Wakati mfumo unavuta vizuri, mgandamizo chini ya sakafu ni mdogo kuliko wa chumbani. Ufa mdogo sakafuni hautoi moshi. Unanyonya hewa ya chumba kwenda chini. Moshi huleta shida mirija ikiwa baridi, hasa hamamu ikiwashwa upya baada ya kukaa siku nyingi. Hapo moshi hauna kinachouvuta, unarudi mdomoni mwa tanuri au unapenya kwenye nyufa. Dawa yake ni kuanza na moto mdogo wa vijiti vikavu sana, usubiri mirija ipate joto, ndipo uweke magogo.

Moto wenyewe ulikuwa wapi? Chini kabisa ya chumba?

Haukuwa chini ya chumba. Uliwaka kwenye kijitanuri cha mdomoni, mfano wa njia fupi yenye kuta nene inayotoboa ukuta wa chumba. Mchochezi alisimama nje kwenye ua wa huduma na kusukuma kuni ndani. Kuni zikiwashwa katikati ya vinguzo zingevipasua na kuacha majivu mahali pasipofikika. Joto lilirekebishwa kwa mambo mawili tu, wingi wa kuni na upana wa mdomo uliobaki wazi. Moto wa taratibu wenye hewa nyingi ulifaa kuliko ndimi kubwa, maana ndimi hupasha vinguzo vya safu ya kwanza kupita kiasi na kuacha mwisho wa chumba baridi.

Mtafiti Fritz Kretzschmer alilijaribu jambo hili katika ngome ya Kirumi ya Saalburg, Ujerumani, katika miaka ya 1950, kwenye hipokausti iliyokarabatiwa, na ilionekana kwamba moto mdogo unaoendelea mfululizo unatosha kukipasha chumba kikishakolea joto.

Kuta nazo zilipashwaje?

Njia ya zamani ilitumia vigae bapa vyenye chuchu nne kwenye pembe. Kigae kilipigiliwa misumari ukutani, chuchu zikikiweka mbali na ukuta, na hewa ikapita katika pengo jembamba la nyuma. Chumba cha moto cha hamamu ya Uwanja huko Pompeii kilijengwa hivyo. Udhaifu wake ni kwamba chuchu huvunjika, na kigae chote kinaning'inia kwenye misumari.

Katika karne ya 1 baada ya Kristo ilienea mirija ya mraba: kama sanduku lisilo na kifuniko wala kitako, kimo sentimita 30 hadi 40, iliyopangwa moja juu ya nyingine hadi juu. Kwenye mbavu zake kulikuwa na tundu, ili hewa iweze pia kwenda kando kutoka safu moja hadi nyingine. Safu moja ikiziba, jirani yake iliilisha. Uso wa mbele ulichanwa kwa kitu kama kitana kabla ya kuchomwa, ili lipu ishike; ukiokota kigae cha namna hiyo katika gofu, mistari hiyo ndiyo itakayokuambia ulichoshika. Mirija ilifungwa ukutani kwa vyuma vyenye umbo la T na chokaa. Seneca, mwanafalsafa wa Kirumi aliyefariki mwaka 65, aliitaja mirija iliyozamishwa ukutani, inayosambaza joto sawasawa chini na juu, kuwa ni ubunifu wa zama zake.

Kuna ubishi wa kitaalamu kama mirija ilikuwepo hasa kupasha ukuta au kuukinga usipoe. Kwa muogaji matokeo ni yaleyale. Chumba kilichojaa mvuke na chenye ukuta baridi hutoa jasho la ukutani, matone yanatiririka, lipu inaoza. Ukuta wenye joto hubaki mkavu, na mwili hauhisi baridi kutoka upande wowote. Hilo liliruhusu madirisha makubwa ya kioo yanayoelekea jua la alasiri, jambo ambalo katika chumba chenye sakafu ya moto peke yake lingekuwa kichekesho.

Je, kila mrija ulitokea juu ya paa?

La. Kutoboa paa kwa kila safu kungevuta hewa kupita kiasi, na joto lingekimbilia nje. Safu nyingi ziliunganishwa juu kwa ndani, na dohani chache tu ndizo zilizotoa moshi nje.

Kukipasha chumba kilichopoa kunachukua muda gani, na kuni kiasi gani?

Turudi kwenye chumba chetu cha mita za mraba 28. Kila mita ya sakafu ina kilo 700 za zege na vigae, na kila kilo inahitaji kilojuli 0.9 hivi kupanda digrii moja. Kuipandisha sakafu yote kwa digrii 30 kunahitaji megajuli 530 hivi. Kilo moja ya kuni kavu ina megajuli 15, kwa hiyo kama joto lote lingeingia sakafuni, kilo 35 zingetosha. Haliingii lote. Sehemu kubwa inatoka na moshi, nyingine inaingia ardhini na ukutani. Tukichukulia theluthi moja tu inafika panapotakiwa, tunazungumzia kilo 105 za kuni kwa sakafu peke yake, kabla ya kuta, kabla ya maji.

Muda ndio unaowashangaza watu. Joto hupenya zege polepole. Kwa unene wa sentimita 35 inapita zaidi ya nusu siku kabla mguu haujahisi kitu cha maana, na siku mbili au zaidi kabla ya sakafu kutulia kwenye joto lake. Kwa hiyo hamamu haiwashwi asubuhi ili watu waoge mchana. Inawashwa, kisha hailali. Usiku moto unapunguzwa, alfajiri unaongezwa, na uzito uleule unaochelewesha joto kuingia ndio unaochelewesha kutoka.

Kuni mbichi ni hasara mara mbili. Maji yaliyomo yanakula joto ili yawe mvuke, na moshi wake mnene huweka masizi na utomvu kwenye mirija.

Waogaji hawakuungua miguu?

Walivaa viatu vya mbao. Huko Sabratha, Libya, kuna nakshi ya sakafu inayoonyesha makubadhi na vyuma vya kukwangulia mwili, pamoja na maneno ya kumtakia mtu kuoga kwa afya. Jiwe likizidi digrii 45 hivi, mguu mtupu hauvumilii kusimama. Sehemu kali zaidi ilikuwa karibu na tanuri, na kwa sababu hiyo mafundi walipenda kuliweka birika la maji ya moto juu ya mahali hapo.

Je, maji nayo yalipashwa na hewa hiyohiyo?

Moto ulikuwa mmoja, lakini maji yalipewa nafasi ya kwanza. Juu ya mdomo wa tanuri palikaa mitungi mikubwa ya shaba, na Vitruvius anaitaka iwe mitatu: wa maji ya moto, wa vuguvugu na wa baridi. Maji ya moto yakichotwa, yale ya vuguvugu yanashuka kujaza nafasi, na ya baridi yanafuata, ili mtungi wa moto usipokee maji ya baridi ghafla. Kitako kilipaswa kuwa cha shaba, hata pale kiwiliwili kilipokuwa cha risasi, kwa kuwa risasi huyeyuka kwenye digrii 327, na moto wa kuni unapita hapo bila shida.

Birika la kuogea nalo lilipoa haraka. Katika hamamu ya Stabia huko Pompeii, upande wa wanawake, tatizo hilo lilitatuliwa kwa pipa la shaba lililokatwa nusu kwa urefu na kulazwa moja kwa moja juu ya njia ya moto, mdomo wake ukifungukia birikani. Maji yaliyopata joto yalipanda na kuingia birikani, ya baridi yakashuka kuchukua nafasi yao, bila pampu. Warumi walikiita kifaa hicho kobe.

Ni nini kilichoharibika mara nyingi, na kilitambulikaje?

Tuanze na vinguzo vya safu ya kwanza. Hivyo ndivyo vinavyopigwa na ndimi, vinapasuka na kumenyeka. Katika gofu utaona matofali mekundu kuliko mengine au yenye rangi ya kijivu, nyufa za kusimama, na kinguzo kilichorekebishwa kwa matofali ya kipimo kingine. Ukarabati huo ni ushahidi mzuri kwamba hamamu ilitumika miaka mingi.

Kosa la pili ni kuvuja kwa birika. Maji yanapenya zege, yanadondoka chini, yanageuka mvuke na kula joto la moto. Dalili kwa mchochezi ni kwamba kuni zinaongezwa na chumba hakipandi. Dalili kwa mchimbaji wa leo ni ukoko mweupe wa chokaa kwenye vinguzo. Kinga ilikuwa kuzungushia lipu nene ya mviringo pale sakafu inapokutana na ukuta, mahali ambapo ufa huanza kwa sababu sakafu na ukuta hutanuka tofauti. Ukiona pembe ya birika la Kirumi, mara nyingi hiyo robo mviringo ingalipo.

La tatu ni kuziba. Majivu mepesi husafiri na moshi na kutua pale mwendo wa hewa unapopungua, yaani kwenye kona za mbali na tanuri na chini ya mirija. Chumba kinachopoa kona moja tu, huku kona nyingine zikiwa sawa, kina ugonjwa huu. Tiba ni kupoza moto na mtu kuingia kwa tumbo kupitia mdomo wa tanuri, katika uwazi wa sentimita 60 kwenda juu na 40 kati ya vinguzo, akikwangua na kuvuta majivu nje.

La nne ni kigae kikubwa kuvunjika katikati. Sakafu haianguki mara moja, kwa sababu zege la juu linajishikilia. Lakini linazama kidogo, na pale maji ya kuoshea yanatuama badala ya kukimbilia kwenye mfereji. Fundi mwangalifu alilichukulia dimbwi dogo kama onyo.

Hatari isiyoonekana ni gesi ya moto usiopata hewa ya kutosha, ileile inayowaua watu waliolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Mchochezi akiziba mdomo wa tanuri mapema ili atunze makaa, mvuto unakufa huku makaa yakiendelea kutoa gesi hiyo, na sasa ufa wa sakafu unaweza kuipitisha juu. Weusi kwenye lipu kando ya ufa huonyesha kwamba pametoka moshi. Gesi yenyewe haiachi alama.

Nani aliyewajibika kuhakikisha joto halikosekani?

Mabamba ya shaba yaliyopatikana Vipasca, mji wa machimbo ambao leo ni Aljustrel nchini Ureno, yana masharti ya mpangaji wa hamamu kutoka zama za mfalme Hadrian. Anatakiwa kuipasha hamamu kila siku kwa gharama zake. Wanawake wanaingia tangu alfajiri hadi saa ya saba ya mchana kwa hesabu ya Kirumi, wanaume kuanzia saa ya nane hadi saa ya pili ya usiku. Kila baada ya siku 30 anapaswa kuosha vyombo vya shaba, kuvisugua na kuvipaka mafuta mapya ya mnyama, sharti lenye maana kwa yeyote aliyeona sufuria ya shaba ikiachwa na maji ndani.

Sharti linalofichua zaidi ni la kuni. Mpangaji haruhusiwi kuuza kuni, isipokuwa matawi yaliyokatwa yasiyofaa kwa moto, na kila mauzo ya kinyume yanatozwa faini ya sesterti 100. Aliyeliandika alijua mpangaji angeshawishika wapi: kupunguza moto kidogo kidogo na kuuza tofauti. Kwa kuwa sakafu hupoa polepole, wateja wasingegundua siku hiyohiyo.

Hamamu za Unguja zina uhusiano na mfumo huu?

Upo, kwa njia ndefu. Miji ya Shamu ilipopita mikononi mwa Waislamu, hamamu hazikufungwa. Qusayr Amra huko Yordani, iliyojengwa na wana wa Umayya katika nusu ya kwanza ya karne ya 8, ina chumba cha moto kilichokaa juu ya vinguzo kama vya Kirumi. Mpangilio wa vyumba vinavyopanda joto hatua kwa hatua ukaenea hadi Uajemi na Uturuki. Hamamu ya Kidichi ilijengwa mwaka 1850 kwa ajili ya mke Mwajemi wa Seyyid Said, na ile ya mjini, iliyoupa mtaa wa Hamamni jina lake, ilijengwa wakati wa Sultani Barghash aliyetawala kutoka 1870 hadi 1888. Kuta nene, kuba zenye matundu ya mwanga na vyumba vinavyofuatana kutoka baridi kwenda moto vingalipo Hamamni hadi leo, ingawa mabirika ni makavu.